Kuandika kila neno la mhadhara si kutengeneza notsi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma uchumi. Nimerekodi kwa simu mhadhara wa saa mbili kuhusu mnyumbuko wa mahitaji na nimeuchapa wote, zimetoka kurasa 22. Nikizisoma sielewi cha kushika. Kuna jamaa wa steshenari anasema nimpe rekodi anitolee notsi zenye fasili na mifano. Nimpe, au kuna namna ya kufanya mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Hizo kurasa 22 ziweke kando kwanza, maana ndizo zinazokuchosha. Kila muhula naletewa mabunda kama hayo, na mwenye bunda huwa anaamini kwamba kwa kuwa hakuacha neno, basi hakuacha maarifa. Mhadhiri anapozungumza hurudia, husitasita, hutania, huanza fasili asiimalize, kisha huikamilisha nusu saa baadaye mtu akiuliza swali. Ukiyachapa yote kwa mfululizo, fasili nusu na fasili kamili zinakaa kwenye karatasi zikiwa na uzito uleule, na wewe msomaji huna njia ya kujua ipi ni ipi.

Anza upya na rekodi yenyewe. Isikilize mara moja tu, kwa kasi ya 1.5 kama sauti ni safi, bila kuandika sentensi yoyote. Kwenye karatasi moja andika dakika na herufi: F kwa fasili, M kwa mfano, S pale mwanafunzi anapouliza, O pale mhadhiri anapoonya au anaposema jambo hili huwa linakosewa. Baada ya hapo utarudi kwenye vipande hivyo peke yake. Kwa mhadhara wa kawaida, sehemu kubwa ya rekodi hutaigusa tena.

Fasili usiichukue mahali ilipotajwa mara ya kwanza. Kwa mada yako, karibu kila mhadhiri huanza kwa maneno mepesi: mnyumbuko ni jinsi mahitaji yanavyoitikia bei. Hiyo ni njia ya kukuingiza kwenye mada, na kwenye mtihani haikupi alama zote. Fuata alama zako za F na S, ukusanye kila aliloongeza, uliunganishe. Utapata kitu cha namna hii: mnyumbuko wa mahitaji kwa bei ni asilimia ya badiliko la kiasi kinachohitajika, ikigawanywa kwa asilimia ya badiliko la bei, mambo mengine yakibaki vilevile. Tazama yaliyoingia. Kuna neno asilimia, ambalo bila hilo utachanganya mnyumbuko na mwinamo wa mstari. Kuna kiasi kinachohitajika, ambacho ni tofauti na mahitaji yote kuhama. Na kuna sharti la mwisho, ambalo wahadhiri hulitamka haraka kana kwamba halina maana. Ukishaiunganisha, ilinganishe na kitabu cha kozi, kisha iandike kwa lugha utakayofanyia mtihani.

Sasa mfano, na hapa ndipo rekodi inapokuangusha, kwa sababu sauti haioni ubao. Tuseme kwenye dakika ya 71 unasikia: “Juisi ilikuwa elfu moja, sasa elfu moja mia mbili, chupa zilikuwa sitini, zimekuwa arobaini. Tunachukua hii, tunagawa kwa hii, tunapata mbili nukta mbili.” Aliyechapa neno kwa neno anabaki na “hii kwa hii”. Wewe andika swali na jibu la mwisho, zima sauti, ukokotoe mwenyewe.

Kwa njia ya kawaida, chupa zimepungua 20 kati ya 60, yaani asilimia 33.3. Bei imepanda 200 juu ya 1,000, yaani asilimia 20. Ukigawanya unapata 1.67, ukiacha alama ya kutoa. Haifanani na 2.2. Usifute, wala usiseme mhadhiri kakosea. Geuza safari: bei ishuke kutoka 1,200 hadi 1,000, chupa zipande kutoka 40 hadi 60. Sasa ni asilimia 50 kwa asilimia 16.7, na jibu ni 3. Juisi ileile, bei zilezile mbili, majibu mawili, kwa sababu kila safari inagawanya kwa mahali ilipoanzia. Ndiyo maana ubaoni aligawanya kwa wastani wa mwanzo na mwisho:

```
E = (ΔQ / wastani wa Q) ÷ (ΔP / wastani wa P)
  = (-20 / 50) ÷ (200 / 1100)
  = -2.2
```

Hiyo 1100 haikutamkwa popote kwenye rekodi. Umeipata kwa kukokotoa kurudi nyuma kutoka kwenye jibu. Kwenye notsi, andika kando ya kila mstari kwa nini hatua hiyo ipo: “wastani, ili kupanda na kushuka kwa bei vitoe jibu moja.” Chini yake weka uhakiki: mapato yalikuwa 60,000, yamekuwa 48,000. Bei imepanda na mapato yameshuka, kwa hiyo mnyumbuko lazima uzidi 1, na 2.2 inakubali. Kisha badilisha namba, ukokotoe tena bila kutazama. Ukikwama mstari wa pili, hapo ndipo notsi zako zina pengo, na ndipo pa kurudi kwenye rekodi.

Mada nzima ikae kurasa tatu au nne. Zikizidi sana, umerudi kuchapa.

Kuhusu huyo jamaa. Wengi wa watu hao hupitisha sauti kwenye programu ya kuigeuza maandishi, wakapanga vichwa vya habari, wakakoleza wino kwenye maneno machache, wakaprinti. Programu hizo zinasaidia kutafuta mahali neno lilipotajwa, sikatai. Lakini kwa sauti ya simu iliyokaa safu ya nyuma, silabi ya kwanza ikimezwa, “inelastiki” huandikwa “elastiki”, na fasili inageuka kinyume chake huku karatasi ikionekana safi kabisa. Mtu asiyejua uchumi hawezi kuliona kosa hilo. Wala hawezi kuijaza ile 1100, kwa hiyo anaacha nafasi wazi, au vibaya zaidi, anaokoteza mfano wa mahali pengine wenye njia ya kawaida na kuubandika chini ya fasili ya wastani. Nimesahihisha mitihani ambamo wanafunzi kadhaa walikuwa na kosa moja la namna hiyo, na namba zilezile.

Tatizo hili halikomei kwenye mnyumbuko. Notsi za kununua, ziwe za takwimu, uhasibu au fizikia, huharibika mahali pamoja: kwenye hatua ambayo mhadhiri aliiandika kimya. Kwa hiyo kabla ya kulipa au kupokea za bure kutoka kwa waliokutangulia, chukua mfano mmoja wowote, weka kidole kwenye namba ambayo haimo kwenye swali, umuulize aliyekupa imetoka wapi. Na piga picha ya ubao kabla haujafutwa, baada ya kumwomba mhadhiri ruhusa, ya picha na ya kurekodi. Wapo wasiopenda, na ni haki yao.