Malkia dhidi ya ngome kwenye sataranji: sare ipo wapi?

"Nikibaki na ngome tu dhidi ya malkia, naweza kulazimisha sare?"

Ngome peke yake, hapana. Ukiwa na kitunda kimoja, kisicho cha pembeni, ambacho hakijaondoka mahali pake pa mwanzo, ndiyo. Wapo wanaosema inatosha ngome ikae karibu na mfalme, lakini wamepata nusu tu: bila kitunda, utaishiwa hatua salama, utalazimika kuitenga na mfalme, na malkia ataikamata kwa shaha moja.

Mpangilio unaoleta sare, yaani boma, ni huu: weusi wana mfalme g8, kitunda g7, ngome f6. Kitunda kinailinda ngome ikiwa f6 au h6, nayo inafunga mstari wote wa sita, kwa hiyo mfalme mweupe hawezi kuvuka. Malkia akikupa shaha kutoka nyuma, mfalme anakwenda h7, kisha anarudi. Peke yake malkia hana la kufanya.

Mimi nilishapoteza boma hili kwa tamaa: nilitoa ngome kwenda a6 kumsumbua mfalme wake, shaha ya kwanza ikaipata ikiwa haina mlinzi. Usiiondoe kwenye miraba ile miwili.

Kitunda cha pembeni kwa kawaida hakitoshi, maana kinalinda mraba mmoja tu. Kile cha katikati kikisogea mbele, mara nyingi nyuma yake panafunguka nafasi ya malkia na mfalme kuzunguka. Hapo inategemea miraba hasa, tuonyeshe ulivyopanga.