Kabla hujaandika hiyo asilimia, jiulize: mia ya nani?

> "Wakuu, nina asainimenti ya utabaka. Jedwali langu linaonyesha kuwa kati ya wenye kazi za kitaalamu, 58% baba zao walikuwa wafanyakazi wa mikono. Naandika kwamba 58% ya watoto wa wafanyakazi wa mikono wamepanda tabaka, niko sahihi?"

Mkuu, weka kalamu chini. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipa 11 kati ya 30, na mimi niliiandika kwa mbwembwe kabisa, nikaipigia na mstari.

Jedwali langu lilikuwa hili, wahojiwa 1000:

```
                 MHOJIWA
BABA         Kitaalamu  Mikono  Jumla
Kitaalamu        140       60     200
Mikono           260      540     800
Jumla            400      600    1000
```

Nikachukua 260, nikagawa kwa 400, nikapata 65%. Nikaandika: "Watoto 65 kati ya kila 100 wa wafanyakazi wa mikono wamepanda, kwa hiyo jamii hii iko wazi." Kisha nikajenga kurasa tisa juu ya msingi huo. Mhadhiri hakugusa hizo kurasa. Alizungushia ile 65% kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Hawa 260 ni kati ya wangapi?" Basi.

Ni kati ya 800, siyo 400. Waliozaliwa na baba wa kazi za mikono ni 800, na waliopanda ni 260, yaani 32.5%. Hiyo ndiyo asilimia ya kutoka: unaanzia kwa baba, unauliza watoto wake wameishia wapi. Ile 65% ni asilimia ya kuingia: unaanzia kwa wataalamu wa leo, unauliza wametokea wapi. Namba ya juu ni ileile 260, ila mwenye mia amebadilika.

Na kinachouma zaidi ni hiki. Hata hiyo 65% haikuwa habari njema niliyodhani. Baba wa kazi za mikono walikuwa 80% ya baba wote. Kama nasaba isingekuwa na uzito wowote, basi 80% ya wataalamu wangetoka kwao. Wametoka 65% tu, maana yake wamepungua kuliko walivyostahili! Namba niliyoishangilia ilikuwa inanisuta. Ilionekana kubwa kwa sababu nyumba zile zilikuwa nyingi, siyo kwa sababu mlango ulikuwa mpana.

Sasa soma kwa upande wa baba uone picha inavyogeuka. Watoto wa wataalamu wamebaki juu kwa 70%, wa mikono wamefika huko kwa 32.5%. Ukitaka namba moja ya kufunga mjadala, linganisha uwiano: 140 kwa 60 upande mmoja, 260 kwa 540 upande wa pili. Gawa wa kwanza kwa wa pili, unapata kama 4.8. Ingekuwa 1, ningesema jamii iko wazi. Kwa 4.8 niliisema mimi peke yangu.

Aliyeniponza ni jamaa wa mwaka wa juu yetu, aliyetuuzia noti zenye maneno haya: "Kwenye jedwali tafuta namba kubwa, hiyo ndiyo hoja." Pesa yangu alikula, na hadi leo anasalimia kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo kabla ya kuandika asilimia yoyote, jiulize mia ya nani. Fuata asilimia kwa kidole uone zinajumlika kufika 100 upande gani. Zikifika 100 ndani ya kundi la baba mmoja, hizo ni za kutoka, ruksa kusema "watoto wa fulani wamepanda". Zikifika 100 ndani ya kundi la wahojiwa, huna ruksa hiyo. Usikariri kwamba baba yuko safumlalo daima, kuna majedwali yanayomweka safuwima, na hapo ndipo watu wanaangukia pua. Kama unatumia Stata na baba umemtaja kwanza, ni hivi:

```
tabulate baba mhojiwa, row
```

Mimi niliweka `column` kwa sababu ilitoa namba nzuri zaidi. Ndiyo, nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Ile 58% yako usiifute. Ihamishie kwenye aya inayoeleza tabaka la wataalamu limejazwa na watu wa asili gani, na pembeni yake weka asilimia ya baba wote waliokuwa wa kazi za mikono. Kama ni zaidi ya 58, aya yako ya kwanza yote inageuka kichwa chini.