Vigezo vitatu, majibu matatu: mzigo wa miavuli kabla ya masika

"Wakuu, nimechora jedwali la malipo la biashara yangu. Uwezekano wa hali ipi itokee siujui kabisa. Maksimini inanipa jibu moja, maksimaksi jingine, majuto jingine tena. Nifuate lipi?"

Mkuu, kabla hujachagua kigezo, angalia vizuri mistari ya jedwali lako: je, umeandika kila njia uliyo nayo? Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Nina kibanda Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mwezi wa pili huwa nanunua miavuli ya kuuza masika, Machi hadi Mei. Mwaka nilioumia bei ya jumla ilikuwa shilingi 6,000 kwa mmoja, nauza 10,000, na inayobaki msimu ukiisha naiondoa kwa 3,000. Kwa hiyo kila mwavuli unaouzika unanipa 4,000, na kila unaobaki unanila 3,000. Nilikadiria kwamba mvua ikiwa haba nitauza 100, ikiwa ya kawaida 250, ikiwa kubwa 500. Jedwali kamili, kwa maelfu ya shilingi, ni hili:

| Nanunua | Haba | Kawaida | Kubwa |
|---|---|---|---|
| 100 | 400 | 400 | 400 |
| 250 | -50 | 1,000 | 1,000 |
| 500 | -800 | 250 | 2,000 |

Maksimini inatazama baya kuliko yote katika kila mstari, kisha inachukua lililo afadhali: 400, yaani nunua 100. Maksimaksi inatazama zuri kuliko yote: 2,000, yaani nunua 500. Hizo hazisumbui.

Majuto ndiyo wengi wanayakosea, kwa sababu wanatoa kwa mstari. Majuto hutolewa kwa safu, yaani kwa kila hali ya mvua: chukua bora ya safu hiyo, toa ulichopata. Mvua ikiwa kubwa, bora kuliko yote ni 2,000. Aliyenunua 250 akapata 1,000 anajutia 1,000. Huwezi kujutia mvua ambayo haikunyesha, ndiyo maana kila hali ya mvua ina kipimo chake. Ukimaliza safu zote, majuto makubwa ya mstari wa 100 ni 1,600, ya 250 ni 1,000, ya 500 ni 1,200. Unachukua yaliyo madogo: nunua 250.

Sasa sikia kilichonipata. Muuzaji wa jumla aliniambia hauzi chini ya miavuli 250. Nikaona basi, mstari wa 100 haupo, nikaufuta. Nikakokotoa majuto upya kwa mistari miwili. Safu ya mvua haba, bora sasa ni -50 badala ya 400, kwa hiyo aliyenunua 250 hajutii chochote hapo, na wa 500 majuto yake yanashuka kutoka 1,200 hadi 750. Majuto makubwa ya 250 yanabaki 1,000. Jibu likageuka: nunua 500. Nikanunua. Mvua ikawa haba, nikauza kama mia hivi, na mia nne nikaziondoa kwa 3,000. Laki nane ikaenda, na ndani yake kulikuwa na ada ya mwanangu.

Kumbe mstari wa 100 ulikuwepo. Majirani wawili walikuwa wanatafuta miavuli hiyohiyo. Tungechanga tukachukua 300 kwa pamoja na kugawana mia mia.

Huu ndio udhaifu halisi wa kigezo cha majuto: njia ambayo huichagui inaweza kugeuza mpangilio wa zile mbili zilizobaki. Maksimini na maksimaksi hazina tatizo hilo. Ukifuta mstari wa 100, maksimini bado inaiweka 250 mbele ya 500, na maksimaksi bado inaiweka 500 mbele. Kwa hiyo ukitumia majuto, futa mstari mmoja mmoja kwa majaribio uone kama jibu linahama. Likihama, usiliamini mpaka uhakikishe kila mstari ni njia unayoweza kuifuata kweli.

Namba ya pili ya kuchunguza ni bei ya kuondolea mabaki. Kwenye jedwali langu kamili, mabaki yakiondoka kwa zaidi ya 3,500 badala ya 3,000, majuto yanahama kutoka 250 kwenda 500. Shilingi mia tano tu! Kwa hiyo usiikisie, kamuulize anayenunua mabaki.

Kuhusu kipi ufuate: kama mtaji ni wa mkopo wa kikoba na hasara itakufungia duka, mimi nasema maksimini, bila kusita. Maksimaksi ni kwa hela ambayo ikipotea nyumbani hawatalala njaa. Majuto yanamfaa mwenye mtaji wake anayeweza kubeba hasara ya kati. Na kama unauamini utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, basi una fununu ya uwezekano. Upe kila hali uzito wake utafute wastani, maana vigezo hivi vitatu vinaitupa fununu hiyo.

Weka jedwali lako hapa, pamoja na njia ulizoziacha na sababu ya kuziacha.