Sauti ya marehemu imamu isomeshe watoto Qurani?

*"Maalim, imamu wetu hapa Arua alifariki, tuna klipu zake za mawaidha kwenye WhatsApp. Kijana mmoja anasema atatengeneza sauti yake kwa kompyuta isome Juzuu Amma, watoto wa madrasa wajifunzie. Familia imekubali. Inafaa?"*

Hapana ndugu yangu, kwa kusomesha watoto haifai, na familia kukubali hakubadilishi kitu hapo.

Angalia mlichonacho: mawaidha, yaani mzee akiongea Kiswahili. Kompyuta haijawahi kumsikia akivuta madda wala akishika ghunna, kwa hiyo itachukua rangi ya koo lake tu halafu kisomo chenyewe itakikisia. Watoto watajua ndivyo marehemu alivyosoma, kumbe hakusoma hivyo hata siku moja. Huko ni kumsingizia maiti, na hawezi kujitetea.

Kinachoniudhi zaidi ni hii kauli naisikia kila siku, ati "Maalim sikiliza, inalia kabisa kama sheikh!" Utamu wa sauti na usahihi wa kisomo ni vitu viwili. Mpe huyo kijana mtihani: aiingize Alif Laam Miim ya mwanzo wa Baqara, kisha Alam nashrah. Maandishi yanaanza na herufi zilezile tatu, ila ile ya Baqara unataja majina ya herufi, na laam na miim kila moja unaivuta kwa kipimo cha haraka sita. Mashine iliyofundishwa Kiarabu cha kawaida inaweza kusoma "alam" kote kuwili, kwa sauti tamu kabisa, na asiyejua atasema mashallah. Au kwenye Fatiha, "an'amta" ikitoka "an'amtu" basi aliyeneemesha si Mwenyezi Mungu tena, ni msomaji! Irabu moja tu. Tena ukikagua leo ikawa sawa, kesho akiitengeneza upya yaweza kutoka tofauti, ukaguzi wako umeshakuwa bure.

Watoto wapeni rekodi ya msomaji halisi, kwa mfano Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerekodi Qurani nzima mwaka 1961, na mwalimu akae nao awarekebishe midomo, maana rekodi yoyote haimsikii mtoto akikosea.

Sauti ya kompyuta itumieni kwa matangazo ya madrasa au kusoma tafsiri iliyokwisha kaguliwa, na iwe sauti ya kawaida isiyoigwa kwa mtu. Na hapo pia semeni wazi, ndani ya faili lenyewe, mwanzoni: "Hii ni sauti ya kompyuta." Msiandike chini ya klipu tu, kwa sababu ikishaforwadiwa mara mbili tatu maandishi yanabaki nyuma.

Na hawa vijana wanaozunguka misikitini na laptopu wakiuza "sauti za masheikh", muulizeni kila mmoja: nani mwenye ijaza amesikiliza aya kwa aya akaipitisha? Akikosa jina la kutaja, msimpe hata shilingi.