Jina lataja mama tu: safu ya baba ijazwe nini?

*Natengeneza jedwali la nasaba za watu mashuhuri, lina safu ya baba na safu ya mama. Mmoja nimempata kwa jina la mama tu, mwengine baba tu, mwengine ukoo tu. Nijaze vipi? Msomaji, Likoni.*

Kabla ya kujaza chochote, ongeza safu ya tatu: jina kama lilivyo kwenye chanzo, herufi kwa herufi. Makosa mengi huingia pale mtu anapoligawa jina kwenye visanduku kisha akalisahau lilivyokuwa.

Tuanze na mama, maana ndipo watu wanapoteleza zaidi. Kutajwa mama peke yake hakumaanishi kwamba baba hajulikani. Isa bin Maryamu hana baba, sawa, lakini mtazame Muhammad bin Hanafiyya. Baba yake ni Ali bin Abi Talib, hakuna asiyemjua. Aliitwa kwa mama kwa sababu Ali alikuwa na wana wa wake mbalimbali, na jina la mama ndilo lililomtenga na Hasan na Husein, wana wa Fatima. Tena Hanafiyya si jina la mama huyo. Yeye ni Khaula, na Hanafiyya ni nisba, yaani jina linalomfunga mtu na kabila au ukoo wake, hapa Banu Hanifa. Ukiandika "Hanafiyya" kwenye safu ya mama umeandika kabila ukidhani ni mtu.

Hapo chanzo cha Kiarabu kitakusaidia kuliko nakala ya herufi za Kirumi. Neno *ibn* likikaa baina ya mwana na baba yake, alifu ya mwanzo hudondoshwa. Linalofuata likiwa jina la mama, alifu hubaki. Kwa hivyo katika "Muhammad bin Ali ibn Hanafiyya", alifu ya mara ya pili inakwambia kuwa mwana wa Hanafiyya ni Muhammad, si Ali. Sisi tukiandika "bin" kote, alama hiyo yapotea, na Ali anapewa mama asiyekuwa wake. Lakini usiifanye hukumu ya mwisho: *ibn* ikianguka mwanzo wa mstari huandikwa na alifu vilevile, na wanakili wengine hawaishiki kanuni hii.

Baba peke yake huonekana rahisi, ila "bin" inaweza kuruka mtu. Imam Ahmad bin Hanbal babake ni Muhammad, Hanbal ni babu. Kipimo chake ni miaka. Baina ya baba na mwana kwa kawaida hupita miaka 25 hadi 35. Ukikuta 60 au 70, shuku kwamba kuna aliyerukwa. Shuku tu, kwani mzee wa miaka 65 kupata mtoto si ajabu. Andika "baba au babu" mpaka upate chanzo cha pili, ambacho hakikunakili cha kwanza.

Huku kwetu angalia pia jina linaloelekea chini. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, amebeba viungo viwili vinavyopingana. "Me" ni mama, yaani mama yake Katilili, kwa hivyo Katilili ni mtoto. "Wa Menza" ndiyo inayopanda juu. Jina lake la kuzaliwa, Mnyazi wa Menza, linathibitisha: Katilili ametoka, Menza amebaki. Asiyejua humweka Katilili kwenye safu ya wazazi.

Ukoo peke yake haujazi safu ya baba wala ya mama. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wetu, nisba yake yakupa nasaba ya Ghassan na haikuongezei mzazi hata mmoja juu ya Haji. Kwa Waswahili na Waarabu nisba kwa kawaida hufuata baba, basi unaweza kuandika "upande wa baba". Usiichukue kanuni hiyo ukavuka nayo hadi Kinango. Mduruma ana ukoo wa kuumeni, *ukulume*, na wa kikeni, *ukuche*, vyote viwili kwa wakati mmoja. Wadigo nao kwa desturi ya zamani walihesabu ukoo na urithi kwa mama. Vyanzo viwili vikimpa Mduruma mmoja koo mbili tofauti, usikimbilie kusema ni watu wawili au kwamba kimoja kimekosea. Huenda kila kimoja kilitaja upande wake. Linganisha na ndugu zake: wa baba mmoja na mama tofauti watashiriki *ukulume* tu, wa mama mmoja na baba tofauti watashiriki *ukuche* tu. Kama huna ndugu wa kulinganisha, ukoo uuweke kwenye safu yake, uandike "upande haujatajwa", na visanduku vya wazazi uviache vitupu.