Tabaka, safu ao kalke?

*Mimi nafundisha vijana kazi ya picha hapa Bukavu. Kwenye Photoshop wanasoma «calque» na «masque de fusion». Kwa Kiswahili niseme tabaka ao safu? «Masque» ni kinyago? Na nikiwaambia «kurekebisha bila kuharibu», wananijibu kwamba hata bila kalke hawaharibu picha.*

Sema tabaka, ndugu. Safu hupangwa ubavu kwa ubavu, lakini matabaka hulaliana, la juu likifunika la chini, na ndivyo programu inavyofanya kazi. Kinyago kiache, maana huvaliwa usoni, na mwanafunzi atatafuta uso. Ningesema kifuniko, kwa sababu kazi yake ni kuficha na kufunua.

Vijana wako wana haki kuhusu «kuharibu»: fundi hodari anaweza kupaka rangi juu ya picha yenyewe na ikapendeza. Wanachopoteza ni rangi ya kwanza. Waambie «kurekebisha bila kugusa picha ya asili», kisha waonyeshe kwa mfano mmoja.

Mama amepigwa picha akiwa na kilemba cha buluu, anataka kiwe chekundu, na uso wake ubaki vilevile. Fungueni Calque > Nouveau calque de réglage > Teinte/Saturation, msogeze Teinte mpaka kilemba kiwe chekundu. Ngozi nayo itageuka, msishtuke. Tabaka hilo jipya limekuja na kifuniko cheupe, na cheupe hufunua. Bonyezeni Ctrl+I: kifuniko kinakuwa cheusi, mabadiliko yote yanafichika. Sasa pakeni kwa burashi nyeupe juu ya kilemba tu. Burashi ikivuka hadi kwenye paji la uso, bonyezeni X ili rangi iwe nyeusi, mpake hapo, na ngozi inarudi kama ilivyokuwa. Hapa ndipo wataelewa kwa nini nasisitiza kitenzi kuficha. Kilichofutwa kwenye picha yenyewe, ukishahifadhi na kufunga faili, kimekwenda. Kilichofichwa kipo, hata mama akirudi mwezi ujao akitaka kijani.

Kisha wazime na kuwasha alama ya jicho ya tabaka hilo. Kitu chochote kinachobadilika nje ya kilemba ni kosa la kifuniko. Waangalie pia kwenye shavu na sikio: kitambaa cha buluu hurudisha mwanga wa buluu kwenye ngozi, na chini ya kilemba chekundu mwanga huo unasaliti kazi. Hapo wapake kijivu badala ya nyeupe, ili mabadiliko yaonekane nusunusu.

Faili ya kazi iwe PSD. JPEG huunganisha matabaka yote kuwa picha moja, basi hiyo ni ya kumpa mteja.

Na kama kilemba ni cheupe, Teinte haitakigeuza, kwa sababu nyeupe haina rangi ya kuzungusha. Hapo itabidi muweke alama kwenye Redéfinir, ndani ya dirisha hilohilo, mpandishe Saturation na kupunguza Luminosité.