Keloidi ya sikio: usikubali ikatwe tu kisha urudi nyumbani

Nilitoga tundu la pili la sikio nikiwa na miaka 19, hapa hapa Mtwara. Kidonda kilipona ndani ya wiki chache nikasahau. Mwezi wa nne baada ya kutoga nikaanza kuwashwa nyuma ya ndewe, na nikipapasa nakuta kipele kigumu kama punje ya dengu. Hakikuwa na usaha. Baada ya mwaka kilishafika ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, ngozi yake imevutika inang'aa, nami nikawa sivui mtandio hata nikiwa nyumbani.

Shangazi yangu, kwa nia njema kabisa, akanipaka mafuta ya ganda la korosho. Sisi watu wa kusini tunayafahamu mafuta hayo, yanavyobabua mikono ya wabanguaji. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachochoma ngozi kitamaliza na ile nyama. Nilitoka lengelenge, likawa kidonda cha wiki tatu, na kilipokauka uvimbe ulikuwa umetambaa hadi kila mahali mafuta yalipogusa.

Laiti mtu angenieleza wakati ule keloidi ni kitu gani. Ngozi ikichanika, mwili hutuma seli za kufuma nyuzi za kuziba pengo, nyuzi ziitwazo kolajeni. Pengo likishazibwa, seli hizo hupaswa kupunguza kazi na kovu kulainika. Kwa baadhi yetu hazipunguzi. Zinaendelea kufuma miezi na miaka, na kovu linavuka mpaka wa kidonda na kuingia ngozi ambayo haikuwahi kuguswa. Tabia hii hutembea katika ukoo, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kuanzia balehe hadi miaka ya 30, na hupenda ndewe, kifua, mabega na taya. Mama yangu mdogo ana kovu la hivyo kifuani lililoanzia kwenye chunusi. Nilikuwa nimeliona tangu utotoni, ila sikuwahi kulihusisha na mimi.

Kwa hiyo kila jeraha jipya juu ya keloidi ni kazi mpya kwa seli hizo. Mafuta ya korosho yalikuwa jeraha. Wembe nao ni jeraha, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Nikiwa na miaka 22 nilikatwa katika kituo kimoja cha afya. Ganzi, nyuzi nne, siku ya saba nikatolewa nyuzi na kuambiwa nimepona. Sikio lilikuwa zuri kweli. Mwezi wa tano mwasho ukarudi, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa na uvimbe mkubwa kuliko wa kwanza, umening'inia kama bibo changa. Aliyenikata alikata vizuri, ila hakukuwa na mpango wowote wa baada ya kukata. Keloidi inayokatwa bila tiba nyingine hurudi kwa karibu nusu ya watu, na katika baadhi ya tafiti hurudi kwa karibu wote.

Daktari wa ngozi aliyenitibu baadaye aliniuliza swali moja kabla ya yote: “Dada, utaweza kuja hapa kila mwezi kwa mwaka mzima?” Nilipomwambia naweza, ndipo akaanza.

Dawa aliyotumia ni sindano ya triamsinoloni, ambayo huzituliza zile seli na kuifanya kolajeni iyeyuke kidogo kidogo. Inachomwa ndani ya kovu lenyewe. Ikipita chini yake, inakula mafuta yaliyo chini ya ngozi na kuacha shimo, huku keloidi imebaki vile vile. Nilikuwa naangalia kwenye kioo kidogo: kovu likigeuka jeupe sindano inapoingia, dawa imefika mahali pake. Mara ya kwanza inauma sana kwa sababu kovu ni gumu kama raba na dawa inasukumwa kwa nguvu. Mara ya tatu lilikuwa limelainika, na maumivu yakapungua. Nilichomwa mara tatu, kila baada ya wiki nne. Mwasho uliisha kabla uvimbe haujapungua, na nadhani hilo peke yake lilinirudishia usingizi.

Kisha akakata, akachoma dawa kwenye kingo za kidonda siku hiyo hiyo, na sindano zikaendelea kila mwezi kwa miezi sita. Kidonda kilipofunga kabisa nikaanza kuvaa hereni ya kubana, vibao viwili vilivyofunikwa kitambaa laini, vinavyokandamiza ndewe mbele na nyuma. Unavaa angalau saa 12 kwa siku, usiku ukiwa ndani yake, na mimi nilivaa mwaka mzima. Ikikazwa mno ndewe inakufa ganzi na ngozi inachubuka, nawe ushajua mchubuko unaleta nini. Ilegeze mpaka uhisi kubanwa bila kuuma.

Madhara yapo. Ngozi kuzunguka kovu langu ilipauka na kubaki na doa jeupe ambalo lilichukua zaidi ya mwaka kurudi rangi. Hedhi ilinivurugika miezi miwili. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mwambie daktari kabla hajavuta dawa. Kugandisha kovu kwa baridi kali pia kunasaidia keloidi ndogo, lakini kwenye ngozi yetu huacha weupe unaoweza kudumu, kwa hiyo uliza kwanza. Zile zinazorudi pamoja na yote haya hukatwa kisha kupigwa mionzi ndani ya siku moja hadi tatu, na hiyo ni safari ya Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road. Kwa wengi wenye keloidi ya ndewe haifiki huko.

Kwa hapa kwetu anzia hospitali ya rufaa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, uulize siku ya daktari wa ngozi au wa upasuaji, na uombe rufaa kama hayupo. Piga hesabu ya nauli na sindano za mwaka mzima kabla ya siku ya kukatwa. Mimi nilisubiri malipo ya korosho ndipo nikaanza, na sijutii kusubiri. Kukatwa kisha ukakosa fedha ya sindano ya mwezi wa pili ni vibaya kuliko kukaa na keloidi ulivyo.

Si kila kovu nene ni keloidi. Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji, kovu likanyanyuka jekundu na kuwasha, akaja kwangu analia. Nililitazama: limenenepa kweli, ila limebaki ndani ya mstari wa kisu, halijavuka. Kovu la namna hiyo kwa kawaida hushuka lenyewe ndani ya mwaka au miwili. Alitumia bandeji ya silikoni miezi minne, akiivua kila siku kuiosha kwa sababu ya jasho la huku kwetu, na limelala. Ila uvimbe unaokua haraka bila jeraha lolote, au unaotoka damu na kuchimbika, upeleke ukachunguzwe.

Binti yangu ana miaka saba na anataka hereni. Kutoga kabla ya miaka 11 huleta keloidi mara chache kuliko baadaye, lakini kwa damu yetu bado ni kubahatisha. Nimemnunulia hereni za urembo za kubana, zisizohitaji tundu. Zile zangu za tiba bado ziko kabatini, na kila Ijumaa nikioga napapasa ndewe kwa vidole viwili. Siku nitakayokuta punje ngumu au mwasho, wiki hiyo hiyo nitakuwa kwenye foleni ya sindano.